Mshahara wa Serikali au Duka la Koboko?



Ndugu zangu, tukirudi Arua na Koboko na shahada zetu, wazee watatuuliza kama tumepata kazi ya serikali. Baada ya miaka miwili ya mshahara, wengi tutajiuliza swali jingine: kwa nini nisiache kazi nifungue duka?

Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alipokuwa khalifa alitoka na nguo zake kwenda sokoni kama kawaida. Masahaba wakamzuia, wakampangia posho kutoka Baytul-mal ili ashughulikie mambo ya Waislamu. Biashara yake ilikuwa halali kabisa, ila mchana wake sasa ulikuwa amana ya watu. Basi mwalimu anayepima sukari dukani saa ya kipindi, huku wanafunzi wanamngoja, mshahara wake una walakini.

Sasa hesabu. Tuseme mwalimu analipwa shilingi 500,000 kwa mwezi, na duka la unga na sukari Koboko linamwachia 900,000 juu ya bei ya kununulia. Atasema ameushinda mshahara. Lakini atoe kodi ya chumba 150,000, usafiri wa mizigo kutoka Arua 100,000, leseni na umeme 50,000. Zinabaki 600,000, na kama 200,000 kati yake ziko kwenye daftari la madeni, mkononi ana 400,000. Ndiyo maana mwisho wa mwezi huhesabiwa fedha na mali iliyopo, si mauzo. Na deni liandikwe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 282, hata la shemeji.

Kuna pia mpaka. Wateja wengi wa Koboko huvuka Oraba kutoka Sudan Kusini. Vita viliporudi Juba mwaka 2016 na kufika Yei, njia ile ikawa ya hatari. Anayetegemea wateja hao ajiulize ataishije wakikosekana miezi mitatu.

Mtaji nao wengi huutoa benki, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Hiyo ni riba, na ukiacha kazi deni linakufuata bila mshahara wa kulilipa.

Mimi naona iko njia ya kati: mudharaba, kama Bibi Khadija (r.a.) alivyotoa mali yake na Mtume (s.a.w.) akasafiri nayo kibiashara. Weka akiba ya 100,000 kila mwezi. Kwa miaka miwili una 2,400,000. Mpe ndugu mwaminifu aendeshe duka, nawe ubaki kazini. Faida mgawane kwa fungu mnalokubaliana mapema, nusu kwa nusu au vinginevyo, wala usijiwekee kiasi maalumu kila mwezi. Ikitokea hasara bila uzembe wake, mtaji uliopotea ni wako, naye amepoteza jasho lake.

Mwaka mzima wa daftari hilo, pamoja na miezi mibaya, utakuonyesha kama duka linaweza kulisha nyumba. Ukiwa nalo mkononi, ndipo uswali istikhara na kuandika barua ya kuacha kazi, au kuiahirisha.