Neno Lililosikiwa Kuwa Tusi



Mwezi uliopita tulimjibu msomaji aliyeuliza habari za sadaka ya mavuno, nasi tukaandika juu ya usharika mmoja: "Ule ni mchanga bado, msiulinganishe na wenzake." Tulikusudia kwamba haujapata miaka mingi tangu ulipoanzishwa. Lakini mwalimu alipowasomea watu gazeti, walisikia kwamba wao ni watoto katika imani. Wazee wakatuandikia: "Mmetutukana mbele ya sharika zote."

Basi, mtu asiyekusudia tusi, je, yampasa kuomba radhi?

Kwanza moyo wetu ulikimbilia Katekisimo Ndogo. Martin Luther, akiieleza amri ya nane, atufundisha kuyafasiri mambo ya jirani kwa upande wa wema. Tukataka kuwauliza wazee, "Mbona ninyi hamkutufasiri hivyo?" Lakini fundisho lile kila mtu hujidai mwenyewe, si fimbo ya mwandishi ya kumpigia msomaji. Tena katika Mathayo 5:23-24 Bwana hakuuliza kwanza kama nung'uniko la ndugu ni la haki. Ukikumbuka madhabahuni kwamba ana neno juu yako, ni wewe uendaye.

Nasi twende na maneno gani? Tukisema, "Kama mmechukizwa, twasikitika," neno lile "kama" lamrudishia kosa yeye aliyeumia. Tena tukisema, "Naam, tuliwatukana," ili shauri liishe upesi, twaivunja amri ile ile ya nane, maana twajishuhudia uongo. Yatupasa kukiri kosa tulilolitenda, wala si jingine.

Na kosa letu ni hili. Twajua kwamba tunda changa ni lile lisilofaa kuliwa bado, na neno lenye maana mbili humwendea kila msikiaji kwa maana imwumayo zaidi. Twajua pia kwamba wengi hulisikia gazeti likisomwa, wala hawawezi kurudi nyuma kuutazama mstari uliopita. Hata hivyo tuliliandika kwa haraka.

Mtume Paulo, katika Matendo 23, alimwita Kuhani Mkuu ukuta uliopakwa chokaa. Alipoonywa, alisema kwamba hakumjua. Lakini hakuishia hapo, bali aliitaja Torati imkatazayo neno lile, na aliitaja papo hapo barazani, mbele ya wale waliolisikia.

Kwa hiyo nasi twasema hapa hapa, katika ukurasa ule ule: Ndugu zetu, tulikosa kwa uzembe wa kalamu, neno letu likawaumiza, nasi twawaomba radhi. Ilitupasa kuandika, "Usharika ule haujapata miaka mingi," na kunyamaza. Msamaha ni wenu kuutoa; hatuudai.

Nanyi walimu mliolisoma neno la kwanza mbele ya watu, twawasihi, lisomeni na hili mbele ya watu wale wale.