Kimya cha Mwele: Mhakiki na Sauti Zisizohifadhiwa

Swali la nani anasema katika nyaraka ni swali la kimaadili kabla ya kuwa la kimbinu. Mwanafunzi anayehakiki maandishi ya pwani ya kusini ya Kenya hukabiliana nalo mara anapozifungua taarifa za vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gasi vya 1895 na 1896. Makala haya yanadai kwamba kutaja kimya hakutoshi. Sharti kukitaja huko kubadili kile ambacho mhakiki anajiruhusu kudai.

Matukio makuu yanafahamika. Tarehe 17 Agosti 1895, kikosi cha Admeri Rawson kiliiteka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa msituni, bara ya Gasi. Mbaruk mwenyewe aliponyoka, akaendelea kupigana hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Sehemu kubwa ya habari hizi imetokana na taarifa za maafisa kama Arthur Hardinge, kamishna wa kwanza wa himaya hiyo, aliyewajibika kuieleza serikali yake sababu na gharama za vita. Kwa upande wa pili ipo tarikh ya Wamazrui, iliyoandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambayo msingi wake ni ukoo na watawala wake. Mwanafunzi akiilinganisha mikondo hii miwili hudhani amezisikia pande zote. Kumbe mahasimu hawa, licha ya uadui wao, wanakubaliana kuhusu jambo moja: ni nani anayestahili kutajwa kwa jina.

Hata medali ya Waingereza inalidhihirisha hilo. Ukingoni mwake pamechorwa neno Mwele pamoja na mwaka, na jina la aliyetunukiwa. Wapagazi waliobeba mizigo ya kikosi ni idadi tu. Watumwa wa mashamba ya Gasi, Wadigo wa vijiji vya jirani na wanawake waliokuwamo ngomeni hawana hata hicho.

Hata hivyo, vimya hivi si vya aina moja. Mpagazi aliandikwa, ila kama kipimo cha nguvu. Mtumwa aliandikwa kupitia kwa bwana: sheria ya 1907 iliyokomesha utumwa katika pwani ya Kenya iliwapa fidia wenye watumwa, hivyo aliyeitwa kueleza hasara yake ni bwana, na mtumwa akaingia katika faili kama hasara yenyewe. Mwanamke wa kijijini, mara nyingi, hakuulizwa kabisa. Kusema tu kwamba “vyanzo ni haba” ni kuzichanganya sababu hizi na kumficha aliyezisababisha.

Chukua sentensi ya kawaida katika kazi za wanafunzi: “Watu wa Gasi walimfuata Mbaruk kwa sababu walimpenda.” Neno “watu” linawameza mabwana na watumwa pamoja. Kitenzi “walimfuata” kinadai hiari, ilhali mtumwa aliyeshikishwa bunduki na bwana wake hakuacha ushahidi wa hiari wala wa kulazimishwa. Sababu iliyotajwa haina msemaji. Sentensi ya haki zaidi ingekuwa: “Taarifa za Hardinge zinaonyesha kwamba Mbaruk alikuwa na wafuasi wenye silaha, kwa kuwa hakuna maneno ya watumwa waliokuwa miongoni mwao, sababu zao haziwezi kuthibitishwa hapa.” Dai limepungua, lakini lililobaki linasimama.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba masimulizi ya wazee yataziba pengo. Ni kweli kwamba yanafungua mlango ambao faili haina, lakini nayo yana wateule wake: wanaotafutwa kwanza huwa wazee wa kiume wenye sifa ya kujua mila, na kizazi cha mtumwa huenda kina sababu njema ya kutoitaja asili yake. Kimya cha namna hii ni hifadhi ya heshima, na mtafiti hana haki ya kukivunja kwa ajili ya alama. Pingamizi la pili ni la mwandishi wa kubuni, anayeweza kumpa mtumwa wa Gasi sauti. Riwaya ina ruhusa hiyo kwa kuwa inajitangaza kuwa riwaya. Mhakiki akifanya vivyo hivyo chini ya jina la ushahidi, anakuwa bwana mwingine anayemsemea mtumwa, jambo ambalo Gayatri Spivak alilionya mwaka 1988.

Kwa hiyo mahali pa kukiri si aya moja ya utangulizi inayosahauliwa ukurasa wa pili. Ni pale pale hoja inapoegemea juu ya mtu asiyesikika. Msahihishaji ana kipimo chepesi: aifute aya ya kukiri, kisha aisome kazi upya. Ikiwa hakuna dai lililobadilika, basi aya ile ilikuwa adabu tu, na waliokosekana Mwele wamekosekana mara ya pili.