Mzee Asiambiwe

Kuna swali moja ambalo halikosi kwenye karatasi za mtihani wa unesi, likibadilishwa majina tu. Mgonjwa ana miaka 64, saratani ya tezi dume imefika mifupani. Anameza parasetamoli gramu 1 na kodeini miligramu 60, mara nne kwa siku, na bado maumivu ni 8 kwa 10. Wanawe wamekuvuta kando: "Sista, tafadhali, mzee asiambiwe." Utafanya nini kwanza?

Mimi ni nesi, naishi Bofu, hapa Likoni, na jioni hukaa na vijana wanaojiandaa na mtihani huo. Swali hili wao hulikata vipande viwili. La dawa wanalijibu haraka, kwa sababu lina ngazi. La habari mbaya wanaligombania. Nami naona ni swali moja, na anayelikata vipande hataweza kujibu hata hicho kipande cha dawa.

Tuanze na ngazi. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1986, ikiwa na vidato vitatu. Cha kwanza ni parasetamoli na ibuprofeni. Cha pili ni dawa hafifu za jamii ya afyuni, kama kodeini. Cha tatu ni mofini. Mwaka 2018 shirika hilohilo lilisema ngazi ni msaada wa kufundishia tu, si sheria: mgonjwa mwenye maumivu makali hana haja ya kuanzia chini apande polepole. Miongoni mwa yaliyobaki na nguvu ni haya mawili: dawa ipitie mdomoni ikiwezekana, na ifuate saa. Isingoje mtu alie.

Sasa mzee wetu. Kodeini yake ni miligramu 240 kwa siku. Nguvu ya kodeini ni kama sehemu ya kumi ya mofini, kwa hiyo ni sawa na mofini miligramu 24. Ukigawa kwa mara sita unapata 4, na kwa mgonjwa ambaye maumivu bado yamemshinda, 5 ni mwanzo wa kawaida. Kodeini inaachwa, parasetamoli inaendelea. Mofini ya maji yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5 anakunywa kijiko cha chai kimoja saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Saa 4 usiku anakunywa viwili, ili asiamshwe usiku wa manane. Jumla ni miligramu 30. Maumivu yakichomoza katikati, anaongezwa kijiko kimoja na kinaandikwa. Akihitaji vitatu vya ziada kwa siku, jumla imekuwa 45, na kipimo cha kesho ni 7.5. Dawa ya kulainisha choo inaanza siku ileile, kwa sababu kichefuchefu cha mofini huisha baada ya siku chache lakini kufunga choo hakuishi.

Hesabu imekwisha. Chukua chupa hiyo uvuke nayo feri, uifikishe nyumbani ambako mzee haambiwi.

Utamwambia nini juu ya chupa? Mwanawe atasema ni "ile dawa ya mgongo". Mzee aliyelelewa kuvumilia akisikia dawa ya mgongo atafanya tunavyofanya sote na panadoli: atakunywa akizidiwa, akipata nafuu ataiweka. Saa 4 usingizi umemchukua, saa 8 anasema si mbaya leo, saa 12 jioni anapiga kelele. Ukimpa wakati huo unakimbiza maumivu ambayo yameshatangulia, na kijiko kimoja hakiyakamati. Familia itasema mofini haifanyi kazi. Inafanya. Ila kipimo cha kufuata saa kinataka mnywaji ajue kwa nini anakunywa wakati hasikii maumivu. Uongo haufuati saa.

Yupo pia mtoto anayejua chupa ni mofini, naye anaogopa. Kwake chupa yenyewe ndiyo habari mbaya: wakileta mofini, basi mzee anakwenda. Anampunguzia nusu kijiko, kwa mapenzi. Huyu anataka kuelezwa kwamba mofini ikianza kidogo na kupanda kwa hesabu haimalizi mtu. Ikizidi, usingizi mzito hutangulia kabla pumzi haijapungua. Ukiona mtu haamshiki, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano na pumzi ni chache, usimpe kijiko kingine, tafuta msaada mara moja. Hatari kubwa nyumbani ni kubadilishiwa chupa yenye nguvu zaidi bila mtu kusoma lebo.

Basi jibu ni kumwambia mzee kila kitu? Wanafunzi wengi huchagua hilo, ati ni haki ya mgonjwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa kweli haki ya kuelezwa hali yake, na kwa lugha anayoifahamu. Lakini haki ni ya mwenyewe, na mwenye haki anaweza kusema sitaki. Katika hatua sita za kutoa habari mbaya zilizochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao, kusema ni hatua ya nne. Kabla yake unatafuta mahali pa faragha, unamuuliza mgonjwa anajua nini, kisha unamuuliza anataka kujua kiasi gani. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa.

Kwa Kiswahili chetu ni rahisi: "Shikamoo mzee. Wenzako wengine hupenda kuelezwa kila kitu, wengine husema ongea na mwanangu. Wewe ungependa vipi?"

Akijibu, "Ongea na mwanangu mkubwa," umeongea na mwana, na hukumficha mzee kitu. Yeye mwenyewe amekabidhi. Akijibu, "Niambie mimi," wanawe hawana kufuli ya kumfungia. Jambo lilelile, mwana kujua na baba kutojua, linaweza kuwa wizi au amana. Tofauti ni kama aliulizwa.

Siwadharau wana wanaosema asiambiwe. Wanaogopa atakata tamaa, na ukiwauliza kwa upole, "Mnahofia nini hasa akijua?", watakwambia. Kisha waulize la pili: mzee ana deni la mtu? Ana wasia? Kuna ndugu hawasemezani? Pwani mtu hutaka kuondoka amelipa na ameomba radhi, na mambo hayo hayafanyiki kwa mtu anayedhani mgongo utapona mwezi ujao. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini hapa wafichaji ni wengine na anayekosa nafasi ni mgonjwa.

Na yule aliyesema hataki kujua, chupa yake tumwambie nini? Ukweli wa chupa: "Hii ni mofini, dawa ya maumivu, kali kuliko ile ya kwanza. Inakunywewa kwa saa hata kama huumwi, kwa sababu kazi yake ni kuyazuia yasirudi." Hapo hakuna neno la uongo, wala hajafunguliwa mlango aliouomba ufungwe. Kesho akiuliza, "Sista, kwani mimi naumwa nini hasa?", huo ni mlango ameufungua mwenyewe. Vuta kiti, uanze kwa kumuuliza yeye anafikiri ni nini.