Mgeni ni wako, jasho ni la dada

Ndugu msomaji, wageni wanapopiga simu kutoka Usa River kwamba wako njiani na watafika Magharibi, heshima ya nyumba inamwangukia mwenye nyumba. Hilo halina ubishi. Swali ni hili: kwa haki gani mzigo huo tunamhamishia dada anayetusaidia kazi, ambaye muda wake wa kwenda kwao unakaribia?

Tunapenda kusimulia kisa cha yule Answari aliyempokea mgeni wa Mtume (s.a.w.) hali nyumbani hamna chakula ila cha watoto, taa ikazimwa ili mgeni ale peke yake. Tunasahau kwamba yeye na mkewe walitoa cha kwao. Nabii Ibrahim (a.s.), kama tunavyosoma katika Suratudh-Dhaariyaat, aliondoka mwenyewe, akaja na ndama aliyenona, akawasogezea wageni kwa mkono wake. Ukarimu unaotolewa kwa nguvu za mtu mwingine bila malipo mimi siuiti ukarimu.

Chukueni mfano wa nyumbani kwangu hapa Nkoaranga. Dada wetu halali kwetu. Anaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni, kwa shilingi 156,000 kwa mwezi. Juzi simu ilikuja saa nane mchana: wageni saba. Mke wangu alimwambia hivi: "Dada, tumepata wageni saba, wanafika Magharibi. Tungependa machalari na wali. Kazi itakwenda mpaka saa moja usiku pamoja na vyombo. Ukiweza kubaki tutakupa elfu sita ya ziada leo leo, na nauli ya bodaboda. Kama una jambo nyumbani, nenda tu. Tutapika wali wenyewe na kuagiza nyama."

Hiyo elfu sita haikuokotwa hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo kwa Tanzania Bara inamgusa pia mfanyakazi wa nyumbani ingawa wengi hawaamini, inaweka saa 45 kwa wiki, na inasema muda wa ziada ni kwa makubaliano, si kwa amri. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa saa 195, yaani saa 45 mara wiki nne na theluthi. Kwa dada wetu hiyo ni shilingi 800 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, basi ni 1,200, na saa tatu ni 3,600. Hicho ndicho kiwango cha chini. Tuliongeza kwa sababu kumenya mkungu wa ndizi na kusimama motoni kwa watu saba si sawa na kufagia ua.

Wanavyuoni wanapozungumzia ijara wanataka kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Anayesema "tutaonana baadaye, dada" amemwachia mwenzake kubahatisha. Lakini lililo gumu zaidi ni ile "ndiyo" yake. Mtu anayeogopa kufukuzwa hukubali kila kitu. Dalili ninayoitegemea ni maswali: anayejiona huru huuliza. Wetu aliuliza kama anaweza kwanza kumpigia mama yake amchukue mtoto, na nguo za kupiga pasi je? Akaambiwa ziachwe mpaka kesho. Angeitikia "sawa" huku akitazama chini, tungemruhusu aende.

Kuna wanaosema chakula alichokula kinatosha. Mtume (s.a.w.) alituagiza kumketisha aliyetuletea chakula, au walau kumpa tonge, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake. Hiyo ni haki ya moto, nayo haiingii katika hesabu ya ujira. Basi chakula chake kitengwe kabla ya kupakua sinia la wageni, kisiwe makombo. Na fedha akabidhiwe akimaliza sufuria ya mwisho, hata kama wageni bado wanakunywa chai.

Jirani mmoja aliniambia kwao hakuna malipo ya ziada kwa kuwa dada ni kama mtoto wao. Nikamuuliza mtoto huyo huketi wapi wageni wanapokula. Alicheka tu.

Kwa dada anayelala nyumbani kwako hesabu ni ngumu zaidi, kwani saa zake hazina mlango wa kutokea. Sheria inakataza kumfanyisha kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha chai ya watoto, hata akipumzika saa mbili mchana, saa moja usiku amekwisha kuzifikisha. Hapo fedha hainunui tena kitu. Mgeni akibisha hodi saa mbili, mwenye nyumba ndiye anayeingia jikoni, na dada anakwenda kulala.