Mwanangu, Ujumbe Ule Ujibu

Mwanangu, ulitakiwa kufika kwenye usaili Jumanne asubuhi. Hukufika. Ukaamua kukaa kimya mpaka wakusahau. Sasa wamekuandikia wenyewe, na ujumbe wao umeusoma kisha ukaigeuza simu ikalala kifudifudi mezani. Hebu ngoja kidogo. Nimefanya kazi ya kuajiri watu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ujumbe wa namna hiyo nimewatumia vijana wengi. Acha nikueleze unatoka wapi na unajibiwa vipi.

Mara nyingi huwa hivi:

"Habari za jioni. Leo Jumanne saa tatu asubuhi tulikutarajia kwenye usaili wa nafasi ya karani wa ghala. Hatukukuona, na tulipopiga simu haikupokelewa. Tunatumaini u salama. Bado tungependa kukuona. Tumekutengea muda mwingine mmoja: Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, ofisi ile ile. Tafadhali thibitisha kabla ya kesho Jumatano saa kumi jioni. Tusipopata jibu, tutaendelea na waombaji wengine."

Wewe umeuona ujumbe mmoja tu. Mimi naona asubuhi nzima iliyo nyuma yake. Jopo limekaa: mkuu wa idara, mtu wa rasilimali watu, na mmoja wa idara nyingine. Kila msailiwa amepewa nusu saa. Saa tatu inafika, kiti ni kitupu. Wanasubiri kidogo. Mmoja anatoka nje kukupigia, simu inaita mpaka inakatika. Wanamwita anayefuata kabla ya muda wake, na ratiba inavurugika.

Jioni wanapitia orodha. Wakifika kwenye jina lako, mmoja anasema, "Huyu tumfute." Hapo ndipo mtu wa ajira anaposema, "Barua yake ilikuwa nzuri. Tumpe nafasi moja tuone." Mkuu wa idara anakuna kichwa. Ana mizigo ya kupokea na ripoti ya mwezi, lakini anakubali kuitoa nusu saa yake ya Alhamisi. Basi ujue, mwanangu, ujumbe ule haukutumwa na mashine. Kuna mtu alikusemea na hakujui hata sura.

Sasa tazama lile sharti la Jumatano saa kumi jioni. Vijana wengi huliona kama ukali. Sivyo. Chini ya majina yaliyoitwa kuna majina ya akiba. Wewe usipothibitisha, anapigiwa wa akiba. Pengine anakaa Kibaha au Chanika. Anahitaji usiku wa kutafuta nauli na kupiga shati pasi. Wangekungoja mpaka Alhamisi asubuhi, ile nusu saa isingemfikia yeyote. Wewe usingeitumia, na mwenzako mwenye shida kama yako asingeipata.

Najua kwa nini hujibu. Si dharau. Ni aibu. Nimezungumza na vijana wengi baada ya mambo kupita, na karibu wote walisema hivyo: "Niliona aibu, sikujua nianzie wapi." Mmoja mtoto wake alishikwa na homa usiku. Mwingine alikaa kwenye foleni ya Mbagala mvua inanyesha, salio limeisha. Mwingine barua pepe ya kumwita ilimwangukia kwenye barua taka, akaiona siku zimepita. Zote ni sababu ambazo jopo lolote lenye utu lingezielewa. Lakini aibu haisikiki ofisini. Kinachosikika ni kimya, na kimya husomwa kuwa hujali.

Tena si kila aliyekosa usaili ndiye mwenye kosa. Zamani, katika ofisi moja niliyofanyia kazi, niliandika mwito kwa haraka: "Usaili ni Jumatatu saa 9:00." Akilini mwangu nilikuwa naangalia saa ya kompyuta, yaani saa tatu asubuhi. Kijana mmoja alisoma Kiswahili chake kama alivyofundishwa na mama yake. Akaja saa tisa alasiri, amevaa vizuri, bahasha ya vyeti mkononi. Tulikuwa tumeshamfuta na jopo limetawanyika. Alisimama mapokezi akionyesha ujumbe wangu, na hakuwa na kosa hata moja. Tulimpa siku nyingine. Tangu hapo sikumfuta mtu kabla ya kumuuliza, na saa niliiandika kwa maneno, na wakati wa siku pembeni yake.

Kwa hiyo unapojibu, itaje saa kwa kinywa chako. Usiandike "sawa" peke yake. Sawa haisemi kama umeelewa. Jibu linalotosha ni kama hili:

"Habari za jioni. Nimepokea ujumbe wenu, asanteni sana. Naomba radhi kwa kutofika leo bila taarifa. Mtoto wangu aliugua usiku, nilikuwa naye hospitali na sikuweza kupiga simu. Nitafika Alhamisi saa nne na nusu asubuhi, ofisini kwenu, na vyeti vyangu halisi. Nikipigiwa, namba yangu ni hii hii."

Ona jinsi lilivyo fupi. Limeomba radhi mara moja. Limetoa sababu kwa sentensi moja. Limerudia siku, saa na mahali, ili kama kuna aliyekosea, mwenzake amsahihishe mapema. Halikuomba kubadilishiwa muda. Kinachomsaidia mtu wa ajira ni kujua kama utakuja, aweze kumwambia mkuu wa idara, "Anakuja." Hadithi ndefu ya daladala na bodaboda haimsaidii. Jibu kama hilo litume siku ile ile, au kesho yake asubuhi na mapema kama ujumbe uliingia usiku.

Na kama sababu yako si nzuri? Kama ulilala ukapitiliza, au uliogopa ukaishia njiani? Sema kwa kifupi bila kuongopa: "Sikupanga muda wangu vizuri, naomba radhi." Inatosha. Usizue msiba. Ukimzulia shangazi kifo, siku ya usaili atatokea mtu wa kukupa pole na kuuliza alizikwa wapi, nawe utaanza kujenga uongo wa pili mbele ya watu watatu. Nimewahi kukaa upande ule wa meza na kumwona kijana mwenye uwezo akianguka hapo, si kwenye maswali ya kazi.

Kama kweli Alhamisi huwezi, piga simu, usiandike. Sema huwezi kwa sababu gani, kisha uliza kama upo muda mwingine wowote. Uliza mara moja. Wakikwambia hakuna, shukuru. Yule aliyekusemea ameshatumia neno lake, na huenda hana lingine.

Kama kazi yenyewe huitaki tena, au umeshapata nyingine, hilo pia liandike: "Asanteni kwa kunikumbuka. Nimepata kazi sehemu nyingine, nafasi hii mpeni mwingine." Maneno hayo yanamfungulia mlango yule wa akiba jioni ile ile. Wewe nawe unabaki na jina safi. Watu wa ajira huhama ofisi, na kichwani wanahama na majina.

Lakini kabla hujajibu, hakikisha ujumbe ni wa kweli. Je, uliomba kazi hiyo? Jina la ofisi ni lile lile la kwenye tangazo? Ukiwa na shaka, piga namba iliyokuwa kwenye tangazo, si ile iliyokutumia ujumbe. Na anayekuambia utume kwanza hela ya fomu au ya kushikiwa nafasi, usimtumie. Mwajiri anayekutafuta hakutozi kiti cha usaili.

Siku ya Alhamisi ikifika, fika mapema kidogo. Huenda wakakuuliza Jumanne ilikuwaje. Jibu kwa sentensi ile ile uliyoandika, halafu unyamaze wakuulize ya kazi. Usirudi tena kwenye radhi kwa kila swali. Majopo mengi huuliza wote maswali yale yale na kujaza alama kwenye fomu. Fomu hiyo ina mistari ya uzoefu, ufahamu wa kazi na namna unavyojieleza. Mtu anayejitetea nusu saa nzima anaacha mistari hiyo mitupu, na mwenye kujaza hawezi kumpa alama za majuto.

Jambo la mwisho nataka ulielewe vizuri, usije ukaizoea huruma hii. Huruma hii ni ya mwajiri mmoja aliyeamua hivyo. Haimo katika kila mlango. Ukiitwa kwenye usaili wa serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, majina hutangazwa pamoja na tarehe, muda na mahali, na kila msailiwa huelekezwa azingatie tarehe na mahali alipopangiwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Unatakiwa kuja na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, na hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti. Kule watu ni wengi mno, hakuna anayekaa jioni kukukumbuka kwa jina. Usingojee ujumbe wa pili. Tangazo lisome mpaka mstari wa mwisho, na kama majina kwenye vyeti vyako yanatofautiana, shughulikia kiapo chako mapema.

Lakini ujumbe huu uliopata leo ni ule mwingine, wenye mtu nyuma yake. Mtu huyo anangoja jibu kabla ya Jumatano saa kumi jioni. Geuza simu, mwanangu. Andika kwamba unakuja, au andika kwamba huji. Lolote kati ya hayo mawili lina heshima. Lisilo na heshima ni kimya.