Bei ya Zamani Ipimwe Upya Kabla ya Kuchorwa

Ndugu yangu unayeandaa michoro ya bei kwa ajili ya watu wenye akiba ya kuwekeza, nakuomba tuitazame dhahabu. Tarehe 21 Januari 1980, wakia moja iliuzwa dola 850 mjini London. Mwanzoni mwa Septemba 2011 ilifika takriban dola 1,895. Ukichora namba hizo zilivyo, aliyenunua mwaka 1980 ataonekana ametajirika zaidi ya maradufu.

Lakini dola ya 1980 si dola ya 2011. Fahirisi ya bei za mlaji ya Marekani ilikuwa 77.8 Januari 1980, na 226.9 Septemba 2011. Basi chukua bei ya zamani, izidishe kwa fahirisi ya mwezi unaoulinganisha, kisha gawanya kwa fahirisi ya mwezi ule wa zamani:

850 × 226.9 ÷ 77.8 = 2,479

Kumbe dola 850 za wakati ule zilikuwa na nguvu ya dola 2,479 za Septemba 2011. Mnunuzi yule hakupata faida. Alipoteza karibu robo ya uwezo wa kununua wa fedha yake, baada ya kungoja miaka 31. Ukimwekea mstaafu mchoro wa kwanza mbele yake, naye ameshika kiinua mgongo chake, umemdanganya hata kama kila namba uliyoandika ni ya kweli.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hesabu hii haiuponyi, nao ni kuchagua mwaka wa kuanzia. Januari 1980 bei ilikuwa kileleni. Anayeanza mchoro mwaka 2001, wakia ikiwa chini ya dola 300, ataonyesha faida kubwa hata baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Chora miaka yote uliyonayo, ile isiyokupendeza ikiwemo.

Ukichora bei za shilingi, tumia fahirisi ya nchi ya shilingi hiyo, na uangalie kipindi cha kizio. Kenya, kwa mfano, ilitoka kwenye kizio cha Februari 2009 ikahamia Februari 2019, na kila mara kizio huhesabiwa kuwa 100. Ukiunganisha orodha hizo mbili kama zilivyo, fahirisi itaporomoka ghafla kwenye kiungo, na bei zako zilizopimwa zitaruka hapohapo bila sababu yoyote sokoni. Tafuta mwezi uliomo katika orodha zote mbili, gawanya fahirisi mpya kwa ya zamani, kisha zidisha orodha yote ya zamani kwa jibu hilo.

Ukimaliza, kagua: bei ya mwezi wa kulinganishia haipaswi kubadilika hata senti. Halafu andika chini ya mchoro, kwa herufi zinazosomeka, bei zote ni za fedha ya mwezi gani na fahirisi ni ya nchi gani.