Wimbo wa Baba na Binti
Somo: Mwanzo 31:14–55

Labani alikuwa amekwenda kukata manyoya ya kondoo wake, Yakobo alipoondoka kimyakimya na wake zake wawili, Lea na Raheli, watoto na mifugo. Habari zilimfikia siku ya tatu. Akawafuatia safari ya siku saba, akawakuta katika milima ya Gileadi. Kati ya malalamiko yake yote lipo moja ambalo sisi wenye binti wa kuozwa tunalielewa upesi: kwamba hakupewa nafasi ya kuwaaga kwa furaha, kwa nyimbo, kwa matari na kinubi, wala kuwabusu binti zake. Mzee yule alikuwa anadai sendofu.

Nami namwonea huruma. Baba anayeamka na kukuta chumba cha binti yake kitupu, bila neno la kwaheri, ana jeraha la kweli. Lakini turudi nyuma, aya ya 14 na ya 15, tuwasikilize binti wenyewe kabla hawajaondoka. Wanamuuliza Yakobo kama wangali na fungu lolote nyumbani kwa baba yao. Wanasema amewahesabu kama wageni, amewauza, na mali iliyopatikana kwa ajili yao ameila. Yakobo alikuwa amefanya kazi miaka 14 kuwapata wanawake wale, na wao hawakuona hata sehemu ya jasho hilo. Sasa baba huyo huyo anataka kupiga matari.

Msimu huu wa sherehe za kumuaga binti, wazazi wananiuliza mara nyingi juu ya wimbo wa baba na binti. Ni ile dakika ambayo mshereheshaji anaomba ukumbi utulie, baba anamshika binti mkono, wanacheza taratibu katikati, na mama anafuta machozi mezani. Wengi huacha kamati ichague, au dijei. Wimbo huwa mtamu, watu hushangilia, na hakuna aliyejiuliza maneno yake yanatoka kinywani mwa nani na yanamwendea nani. Swali lile la Lea na Raheli linakaa hapo hapo. Katika dakika tatu hizo, baba anamwambia binti yake kwamba bado ana fungu nyumbani, au anamwambia jambo jingine kabisa?

Familia moja ilinijia na nyimbo nne, ikitaka kuchagua mmoja. Tulikaa sebuleni kwao jioni, baba, mama na binti, tukausikiliza kila wimbo mpaka mwisho, na binti akatafsiri maneno ya Kiingereza kwa ajili ya baba yake.

Wa kwanza ulikuwa Dance with My Father wa Luther Vandross, wa mwaka 2003. Jina lake ndilo linalouponza, maana linasikika kama limetengenezwa kwa ajili ya shughuli hiyo. Lakini Vandross alifiwa na baba yake akiwa mtoto mdogo, na wimbo mzima ni maombolezo: anatamani acheze naye mara moja tu zaidi. Baba aliposikia tafsiri alinyamaza, kisha akasema, "Mchungaji, mimi bado nipo." Tukauweka kando. Kwa binti ambaye baba yake amelala, na anayechezeshwa na baba mdogo au kaka mkubwa, wimbo huo unasema kweli tupu, ila aulizwe kwanza kama anaweza kuubeba mbele ya watu mia tatu.

Wa pili ulikuwa Malaika, uliosambazwa na sauti ya Fadhili William na baadaye Miriam Makeba. Nani asiyeupenda? Hata hivyo anayeimba pale ni kijana anayetaka kuoa na hana fedha. Anamlilia mpenzi wake. Baba akiucheza na binti yake amevaa viatu vya mchumba aliyeshindwa mahari. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, na wimbo ukaondoka wenyewe.

Wa tatu, I Loved Her First wa kundi la Heartland, wa mwaka 2006, ni sauti ya baba kweli. Tatizo lake ni kwamba baba huyo anazungumza na bwana harusi. Anamwambia alimpenda binti huyu kabla yake, na sasa anamwachilia. Binti yuko mikononi mwa baba, naye anasemwa kama hayupo. Isitoshe, kwetu maneno ya kumkabidhi yana wakati wake katika ratiba, wazee wa pande mbili wakiwa wamesimama. Dakika ya baba na binti isiliwe na makabidhiano.

Ulibaki Isn't She Lovely, ambao Stevie Wonder aliutoa mwaka 1976 kwa furaha ya kuzaliwa binti yake Aisha. Hapa baba anamshangilia mtoto wake, anamshukuru Mungu, na anamkumbuka mama aliyemzaa. Hakuna mahali anaposema kazi yangu imekwisha. Binti aliuchagua kwa sababu moja tu: alikumbuka baba yake akiusikiliza redioni.

Ugumu ulikuwa urefu. Katika albamu unazidi dakika sita, na sehemu kubwa ya mwisho ni kinanda cha mdomo na sauti za mtoto, bila maneno. Baba ana goti baya, na hata asiye na goti baya huanza kutazama kando baada ya dakika tatu, hajui miguu aipeleke wapi. Basi kijana wa nyumbani aliukata uishe kabla ya muziki huo mrefu, sauti ikishuka polepole badala ya kukatika ghafla. Aliuweka kwenye flashi mbili, moja ya dijei na moja kwenye mkoba wa mama. Mshereheshaji aliombwa jambo moja tu, asizungumze juu ya wimbo. Mara nyingi yeye ndiye huuharibu, kwa kuhimiza watu watunze na kushangilia mpaka maneno yote yanapotea.

Muziki uliposhuka, baba hakurudi kitini. Alimwekea binti mkono kichwani, akamwambia kwa kipaza sauti kwamba chumba chake hakitapangishwa, na kwamba siku akipigwa au kunyanyaswa asisubiri kikao cha ukoo, aje. Ukumbi ulinyamaza. Wako waliosema baadaye kwamba si maneno ya sherehe. Mimi nasema ndiyo maneno ya sherehe, kwa maana nimewaona wanawake walioagwa kwa shangwe wakavumilia kipigo miaka, wakiamini kwamba nyumbani walishaagwa na kurudi ni aibu.

Labani naye alifika huko, kwa kuchelewa. Pale Gileadi alimwapisha Yakobo asiwatese binti zake, akimweka Mungu kuwa shahidi kati yao. Wakala pamoja, wakalala mlimani. Asubuhi na mapema akawabusu wajukuu na binti zake, akawabariki, akarudi kwao. Maandiko hayataji tari wala kinubi asubuhi hiyo.

Baba mwenye shughuli mwezi huu, usiiachie kamati wimbo huo. Keti na binti yako kabla ya kikao kijacho, usikilizeni mpaka mwisho, na kama anataka kujua mahari yake ilipokwenda, mjibu siku hiyo hiyo.